Betri za bibi juu ya jamvi la karafuu

Mwezi wa karafuu uliopita nilikuwa Pemba, upande wa Konde, kwa bibi mzaa mama. Uwanja mzima ulikuwa umetandikwa majamvi, na karafuu zimeanza kugeuka kutoka kijani kuwa kahawia. Pembeni mwa jamvi moja, juu ya kipande cha bati, niliona betri mbili kubwa za redio zimelazwa juani ubavu kwa ubavu, kama vidagaa.

Nikamuuliza, "Bibi, na haya mawe nayo yanaanikwa?"

"Yamechoka, mwanangu. Yakipata jua yataamka."

Nikamwambia, kwa sauti ya mtu anayefundisha kemia, kwamba jua haliwezi kutia umeme ndani ya betri ya aina ile. Nikamweleza kuwa si betri ya simu wala ya sola, na kilichokwisha kimekwisha.

Bibi hakubishana. Adhuhuri aliokota betri zake, akazipangusa kwa ncha ya kanga, akazitia kwenye redio iliyokuwa imenyamaza tangu usiku wa jana. Redio ikaimba. Iliendelea mpaka taarifa ya habari ya usiku ikamalizika.

Akaniambia, "Mimi sikusema jua linatia kitu. Nimesema yanaamka."

Nilirudi Unguja na neno hilo.

## Swali la mwanafunzi

Lingeishia hapo kama si kilichotokea skuli wiki mbili baadaye. Nilikuwa ubaoni na jedwali la potensheli za elektrodi, lile ambalo kila nusu-mmenyuko, yaani upande mmoja wa kupokea au kutoa elektroni, una volti zake pembeni. Nilikuwa nimeandika ule wa pamanganeti, wenye ioni 8 za haidrojeni upande wa kushoto, na volti 1.51 upande wa kulia. Msichana mmoja wa mstari wa nyuma akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hizo H+ nane zinafanya kazi gani pale?"

Nikamjibu kuwa zinasawazisha mlinganyo. Oksijeni nne za pamanganeti lazima ziende mahali, zinakuwa maji, na maji yanahitaji haidrojeni. Akaandika, akakaa.

Jibu lile halikuwa uongo, lakini usiku sikulala vizuri. Nilikuwa nimeziita ioni zile nane kana kwamba ni karani anayeweka hesabu sawa, wakati zenyewe ni bidhaa inayoliwa. Zinaingia, zinakwisha. Kitu kinacholiwa kikiadimika, mmenyuko unaokitegemea lazima usikie njaa, na njaa hiyo lazima ionekane kwenye volti.

Hapo ndipo nilipokumbuka lile bati pembeni mwa jamvi.

## Elektroni haiji peke yake

Ndani ya betri ya redio ya kawaida, ile ya mkebe wa zinki na kijiti cha kaboni katikati, kuna unga mweusi. Unga huo ni dayoksaidi ya manganizi iliyochanganywa na masizi ya kaboni ili upitishe umeme. Mfaransa Georges Leclanché alitengeneza betri ya kwanza ya ukoo huu mwaka 1866, na mpaka leo kazi ya ule unga ni ileile: kupokea elektroni zinazotoka kwenye zinki baada ya kupita kwenye redio.

Sasa tazama namna unavyozipokea:

```
MnO2 + H+ + e-  →  MnOOH
```

Elektroni moja, ioni moja ya haidrojeni. Kila elektroni inayobisha hodi kwenye punje ya manganizi lazima iwe imefuatana na mwenzake kutoka kwenye maji yaliyoizunguka punje. Punje haimpokei mmoja bila mwingine, kwa sababu ikipokea elektroni peke yake itajaa chaji hasi na itazisukuma nyingine zote nje.

Kwa hiyo utayari wa punje kupokea elektroni, ambao ndio tunaoupima kwa volti na kuuita potensheli, unategemea wingi wa ioni za haidrojeni zilizo karibu. Mjerumani Walther Nernst aliuweka utegemezi huo kwenye hesabu mwaka 1889. Kwa mmenyuko unaokula ioni za haidrojeni, huku vingine vyote vikibaki kama vilivyo, hesabu hiyo inafupika hivi:

```
E = E° − 0.059 × (m/n) × pH
```

Hapo `E` ni potensheli, `E°` ni potensheli hiyo kwenye pH sifuri, `m` ni idadi ya ioni za haidrojeni zinazoliwa, na `n` ni idadi ya elektroni. Namba 0.059 ni ya nyuzi joto 25. Kwa siku ya kawaida ya Unguja, nyuzi 30, inakuwa 0.060, na mimi huitumia hiyo kwa sababu ndiyo hali yetu na ni rahisi kuzidisha kichwani.

Kila pH inapopanda hatua moja, maana yake ioni za haidrojeni zimepungua mara kumi. Kila upungufu wa mara kumi unagharimu volti 0.06, mara uwiano wa ioni kwa elektroni. Kwa manganizi ya betri uwiano ni moja kwa moja, basi gharama ni 0.06 kamili. Kwa pamanganeti ni 8 kwa 5, kwa hiyo kila hatua inagharimu karibu 0.095. Ile 1.51 niliyoiandika ubaoni inasimama kwenye pH sifuri, yaani kwenye asidi kali. Ipeleke pamanganeti hiyohiyo kwenye pH 7, kwa nusu-mmenyuko uleule, utabaki na 0.85 hivi.

Karibu nusu ya nguvu imepotea na hakuna chembe ya pamanganeti iliyoguswa.

Niliwahi kuifundisha ile 1.51 kama vile ni sifa ya pamanganeti yenyewe, mfano wa uzito wake au rangi yake ya zambarau. Ni sifa ya pamanganeti pamoja na maji iliyomo. Kesho yake nilimwita yule msichana kabla ya kipindi, nikalirudia jibu langu upya mbele ya darasa zima.

## Betri inavyojichosha

Nikaanza kuhesabu betri ya bibi.

Ikiwa mpya, majimaji yaliyomo ndani, yenye kloridi ya amoniamu na kloridi ya zinki, yana asidi kidogo, pH karibu na 5. Kwenye pH hiyo manganizi inasimama takriban volti 0.87 juu ya elektrodi ya haidrojeni, ambayo ndiyo sifuri ya vipimo hivi. Zinki iko karibu na 0.76 chini yake. Jumla ni kama 1.6, na ndiyo namba ambayo mita husoma kwenye betri mpya hata kama karatasi yake imeandikwa 1.5.

Washa redio. Elektroni zinaanza kuingia kwenye unga mweusi, na kila moja inachukua ioni yake ya haidrojeni kutoka kwenye majimaji yaliyobanwa baina ya punje. Nafasi hizo ni finyu mno. Ioni mpya lazima zisafiri kutoka mbali, zikipenya njia za vumbi, na redio haisubiri. Pale pale karibu na punje, haidrojeni inaadimika na pH inapanda.

Mwanzoni inapanda haraka. Amoniamu inajaribu kuizuia, kwa sababu inaweza kutoa haidrojeni yake na kubaki amonia, lakini haianzi kuzuia kwa nguvu mpaka pH ikaribie 9. Kati ya 5 na 8 hakuna breki ya maana. Kwa hiyo betri inaweza kufika hapo ikiwa bado ina manganizi tele isiyotumika.

Piga hesabu. Kutoka 5 mpaka 9 ni hatua nne. Hatua nne mara 0.06 ni volti 0.24. Manganizi iliyokuwa 0.87 sasa ni 0.63. Zinki kwa upande wake haina ioni ya haidrojeni kwenye nusu-mmenyuko wake, na iko ng'ambo ya karatasi inayoitenga, kwa hiyo haisogei sana kwa sababu hii. Betri imeshuka kutoka 1.6 kwenda chini ya 1.4. Redio ya bibi inatumia mbili, basi imepoteza karibu nusu volti, na bado hatujatoa kile kinacholiwa na ukinzani wa ndani wakati umeme unapita.

Ukizima redio, hakuna tena anayekula haidrojeni. Zilizo mbali zinaendelea kusogea, haidroksidi zilizorundikana, yaani maji yaliyonyang'anywa haidrojeni moja, zinatawanyika na nyingine zinakamatwa na zinki. pH karibu na punje inashuka taratibu. Volti inapanda.

Inaamka.

Nilipofika hapo nilihisi furaha, na muda huohuo shaka. Hesabu nzuri inaweza kueleza kitu ambacho hakitokei. Kulikuwa na maelezo mengine mawili yaliyowezekana kwa hali ileile ya kupumzika na kuamka, na mimi nilikuwa nimelipenda la kwangu kabla ya kulipima.

## Vikombe vitatu

Jambo la kwanza nililotaka kuliona kwa macho ni kama unga ule kweli unasikia pH, na kwa kiasi kile.

Nilichukua betri kubwa iliyochoka, nikaikata mkebe wake kwa msumeno wa chuma, nikatoa kijiti cha kaboni na unga wake. (Hii ni kwa betri ya zinki na kaboni tu. Ile iliyoandikwa alkaline ina potashi kali ndani yake, inachoma ngozi na macho. Usiikate. Za simu usiziguse kabisa, zinawaka moto.) Nilivaa glavu, na unga niliuweka na maji maji ili usipeperuke.

Mita peke yake haiwezi kupima potensheli ya elektrodi moja. Inapima tofauti baina ya mbili. Nilihitaji mwenzake asiyesikia pH, anayesimama mahali pamoja. Nikatumia mrututu. Waya wa shaba uliosuguliwa, ukatiwa kwenye maji ya mrututu yaliyoshiba mpaka fuwele zinabaki chini, unakaa takriban volti 0.32 juu ya elektrodi ya haidrojeni na hautikisiki. Nusu-mmenyuko wake ni shaba na ioni za shaba tu, haidrojeni haimo. Kikombe cha mrututu nikakiunganisha na kikombe cha unga kwa utepe wa kitambaa uliolowa maji ya chumvi. Mita niliazimwa na fundi redio wa mtaani kwetu.

Vikombe vya unga vilikuwa vitatu. Cha kwanza siki iliyochanganywa na maji na chumvi, karatasi ya pH ikasoma 3. Cha pili maji ya bahari, 8. Cha tatu maji ya magadi, 10.

Siku ya kwanza ilikuwa hasara tupu. Vikombe vyote vitatu vilisoma karibu sawa, tofauti baina yao haikufika hata volti 0.1. Niliketi barazani nikitazama mita na kuwaza kwamba pengine nadharia yangu nzima ni maneno ya ubaoni.

Harufu ndiyo iliyonitoa. Kikombe cha magadi kilikuwa kinanuka amonia, ile inayopanda puani na kuchoma macho. Amonia ilitoka wapi? Kwenye kloridi ya amoniamu iliyokuwa bado imejaa ndani ya unga. Kumbe punje zangu zilikuwa zimebeba majimaji yao wenyewe ya betri, na zilikuwa zinaishi kwenye pH yao hata nilipozizamisha kwenye siki au magadi. Nilikuwa napima maji ya ndani ya unga. Yale ya kwenye kikombe yalikuwa hayajazifikia punje.

Na hilo lenyewe lilikuwa ushahidi. Kama mimi, na kikombe kizima cha magadi, nimeshindwa kwa masaa mawili kuibadilisha pH baina ya punje, basi ioni ndani ya betri iliyofungwa zinasafiri pole kuliko nilivyodhani. Njaa ya haidrojeni pale ndani inawezekana kabisa.

Nikaosha unga kwa maji ya mvua, mara sita, kila mara nikiuacha utulie na kumwaga ya juu, mpaka harufu ikaisha. Nikaubana tena kuzunguka kijiti kwa kitambaa chepesi. Nikaviacha vikombe usiku kucha. Asubuhi nikapima dhidi ya shaba:

siki, pH 3: volti 0.57

bahari, pH 8: volti 0.31

magadi, pH 10: volti 0.19

Kutoka 3 mpaka 10 ni hatua saba, na volti imeshuka 0.38. Gawanya, unapata 0.054 kwa kila hatua. Hesabu ilidai 0.060. Nilirudia siku ya pili, nikapata 0.056.

Namba hii ndogo inasema zaidi ya inavyoonekana. Manganizi ina nusu-mmenyuko mwingine unaojulikana sana, ule unaoyeyuka kabisa na kuwa ioni:

```
MnO2 + 4H+ + 2e-  →  Mn2+ + 2H2O
```

Hapo ni ioni nne kwa elektroni mbili, uwiano wa mbili kwa moja, kwa hiyo mteremko wake ungekuwa 0.12 kwa hatua. Kama huo ndio uliokuwa ukitawala vikombe vyangu, tofauti baina ya siki na magadi ingefika 0.84. Mita ilisema 0.38. Bila darubini, bila mashine yoyote ya maabara kubwa, mteremko wa volti umeniambia kwamba kila elektroni inaingia na haidrojeni moja, si mbili. Nimefundisha miaka tisa, na sikuwahi kumwambia mwanafunzi kwamba pH inaweza kutumika hivyo, kuhesabu kile kinacholiwa na mmenyuko usiouona.

Upungufu wa kutoka 0.060 mpaka 0.054 siuwekei maneno mengi. Karatasi zangu za pH zinakosea nusu hatua kwa urahisi, na utepe wa chumvi nao una volti zake ndogo pale maji mawili yanapokutana. Elektrodi hii pia ni nzito kutulia. Ukipima baada ya dakika kumi utapata namba yoyote unayoitaka.

## Jua na kivuli

Likabaki jua.

Nilinunua betri nne za namna moja, nikazichosha mbili mbili kwenye tochi za balbu mpaka mwanga ukawa mwekundu. Mara tu baada ya kuzitoa, zote zilisoma karibu 1.08. Mbili nikaziweka kivulini ndani, mbili juani juu ya bati kama la bibi.

Baada ya saa moja nikazitoa juani, nikaziacha ndani robo saa zipoe ili nisije nikapima joto nikadhani ni kitu kingine. Za kivulini zilisoma 1.19. Za juani 1.25.

Nikaziacha zote ndani usiku. Asubuhi za kivulini zilikuwa 1.28, za juani 1.29.

Kwa hiyo bibi na mimi tulikuwa tumeshika ncha mbili za uzi mmoja. Jua halikuongeza chochote ambacho kivuli hakikukipata. Lilichofanya ni kuharakisha. Joto linazipa ioni mwendo, na kile ambacho kivulini kingechukua usiku mzima, juani kilikuwa kimefika mbali ndani ya saa. Mtu anayetaka kusikiliza redio leoleo ana sababu ya kuanika. Asiye na haraka aziweke kabatini tu, asubuhi atazikuta zimeamka vilevile.

Nikazirudisha kwenye tochi. Jozi zote mbili ziliwaka kama dakika ishirini kabla ya mwanga kurudi wekundu. Nikazipumzisha tena usiku, safari hii zikaamka mpaka 1.22 tu, na tochi ikawaka muda mfupi zaidi. Hilo ndilo deni ambalo pumziko halilipi: manganizi yenyewe inageuka, na kadiri punje zinavyojaa haidrojeni ndani yake ndivyo potensheli yake inavyoshuka hata pH ikirudi pale ilipoanzia. Namna ya kuyatofautisha ni kutazama zinafika wapi zikipumzika vya kutosha. Kinachorudi ni cha majimaji, pamoja na kile kilichokuwa kimerundikana juu juu ya punje. Kisichorudi ni cha punje zenyewe.

Kuna na mruko wa papo hapo. Ukizima tochi huku mita iko juu ya betri, volti inaruka kabla hujapepesa jicho. Huo ni ukinzani wa ndani, na haudai muda wowote. Mwendo wa pole unaofuata, wa dakika na masaa, ndio wa kusafiri kwa vitu.

## Shaka niliyobaki nayo

Katika ule mwendo wa pole, pH haiko peke yake. Ioni za zinki zinarundikana karibu na mkebe nazo zinahitaji muda kutawanyika. Na ndani ya punje haidrojeni iliyoingia juu juu inazama taratibu kuelekea katikati, jambo ambalo nalo linainua volti. Mita haiwezi kuyatenga haya matatu, yote yanaonekana kama mstari mmoja unaopanda.

Nikaona njia iliyobaki ni kisu. Nilichukua betri mbili zilizochoshwa sawasawa. Moja nikaikata papo hapo, nyingine nikaipumzisha mpaka kesho yake. Kwenye ile ya kwanza, karatasi ya pH iliyokandamizwa kwenye unga mbichi ilikuwa kijani cha kuelekea buluu, kati ya 8 na 9. Kwenye iliyopumzika ilikuwa karibu na 7.

Hatua moja na nusu, tuseme mbili. Mara 0.06 ni volti 0.09 mpaka 0.12. Betri ilikuwa imepanda karibu 0.2. Basi pH inaeleza nusu hivi ya kuamka kwa betri, labda zaidi kidogo, kwa sababu kukata mkebe kwa msumeno kulinichukua dakika kumi na tano na muda wote huo unga ulikuwa unapumzika mikononi mwangu. Nilitaka ieleze yote. Haikueleza yote, na sitaizungusha namba ili inipendeze.

Betri za alkaline nilizijaribu bila kuzikata. Zinaamka kidogo sana. Majimaji yake ni potashi kali, haidroksidi tayari ni tele, na zile chache zinazoongezwa na mmenyuko haziwezi kuipandisha pH kwa hatua. Manganizi ya humo inaishi chini, yapata 0.34, kwa sababu ya pH hiyo kubwa, lakini zinki nayo kwenye potashi inashuka mpaka karibu 1.26 chini ya sifuri, na jumla inarudi palepale kwenye 1.6. Ncha zote mbili zimehama pamoja. Nilipoliona hilo kwenye karatasi nilinyamaza kidogo. Betri mbili, namba moja ubavuni, na ndani pH zimepishana hatua tisa.

## Simu ya Konde

Nilimpigia bibi Ijumaa baada ya sala. Nikamwamkia, nikamwambia kwamba nimepima, na kwamba betri zake kweli zinaamka, na jua linaziamsha upesi. Nikamwomba radhi kwa yale ya siku ile kwenye jamvi.

"Marahaba, mwanangu. Sasa umeziacha juani muda gani?"

Nikamwambia saa moja.

"Vizuri. Mimi naziweka baada ya kugeuza karafuu, nazitoa adhuhuri. Zikishinda na jua mpaka jioni hutoa maji, zikaharibu na redio."

Hilo sikulipima. Najua mkebe wa zinki ndio chombo na ndio chakula kwa pamoja, unaliwa kila siku betri inapofanya kazi, na joto linaharakisha kuliwa huko kama linavyoharakisha ioni. Nimeshanunua betri nyingine nne. Mbili nimeziweka juu ya bati tangu jana asubuhi, na chini yake nimetandika karatasi nyeupe ili nione tone la kwanza.